Dakika Nne za Kutundika Daluga

Simu ya baba mdogo ilinikuta maktaba, chuoni Dar es Salaam, wiki tatu kabla ya mechi. Hakunisalimia kwa kirefu kama kawaida yake.

"Mwanangu, natundika daluga. Uongozi umenipa nafasi ya kuongea na watu baada ya mechi ya mwisho ya nyumbani. Wewe ndiye unayesomea Kiswahili mpaka shahada ya pili. Niandikie hotuba."

Alikuwa na miaka 38. Alikuwa beki wa kati wa timu moja ya ligi ya mkoa pale Sumbawanga, timu hiyohiyo kwa misimu 17, na katika misimu 11 alikuwa nahodha. Hakuwahi kucheza Ligi Kuu. Jina lake huwezi kulikuta gazetini. Lakini ukishuka stendi ukauliza habari za beki mrefu anayepiga vichwa, dereva wa bodaboda atakupeleka mpaka kwake Chanji bila kuuliza zaidi.

Nilifurahi kuliko nilivyopaswa. Hatimaye kuna mtu wa ukoo amepata kazi ya kunipa inayofanana na ninachosoma. Nikaanza kwa kutafuta mifano. Nilimwangalia Francesco Totti akiiaga Roma, Mei 28, 2017, kwenye Uwanja wa Olimpico. Aliingia kipindi cha pili, Roma wakaifunga Genoa 3-2, halafu akasimama katikati ya uwanja na karatasi mkononi, familia yake ikiwa karibu, akasoma. Kabla ya kuondoka alimvisha kitambaa cha unahodha mtoto wa timu ya vijana. Nikakumbuka pia Agosti 2018, Yanga walipomuaga Nadir Haroub 'Cannavaro' kwa mechi ya kirafiki Morogoro, akavua jezi na kuingia kwenye umeneja wa timu. Nikajiambia hawa ndio wa kuigwa.

Nikaandika kurasa mbili. Nilianza na mgeni rasmi, nikaja kwa viongozi wa chama cha mpira cha mkoa, benchi la ufundi, wazee wa klabu, wafadhili, mashabiki, familia. Nilishukuru watu 14 kwa vyeo vyao. Kwa wachezaji vijana niliweka aya moja ya nidhamu na kujituma. Nikapanda basi la Mbeya, nikaunganisha Tunduma, Laela, na saa za usiku nikashuka Sumbawanga, kwenye ule ubaridi wa kipupwe unaokufanya ujute kusahau sweta kila mwaka.

Kesho yake alfajiri baba mdogo alinipeleka Uwanja wa Nelson Mandela. Hakukuwa na mtu isipokuwa vijana wawili wakikimbia kuzunguka. Alichukua karatasi zangu, akazikunja, akanirudishia.

"Shika kwanza," akasema. Akaanza kukimbia. Alikimbia kutoka goli moja mpaka jingine na kurudi, mara nne, kwa kasi ya mtu anayemkimbiza mshambuliaji. Akarudi, mikono kiunoni, akanyoosha kiganja nimpe hotuba.

Alisoma: "Ndugu mgeni rasmi, waheshimiwa viongozi wa chama cha mpira wa miguu…" Hapo pumzi ikakata. Akavuta nyingine, akaendelea maneno sita, ikakata tena. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Timu zinazotoka pwani huja hapa zikiwa na wachezaji wazuri, na kufikia dakika ya 60 unawaona wameshika magoti. Sisi tumezoea, lakini kuzoea hakumfanyi mtu aliyetoka kucheza asome sentensi yenye maneno 43. Niliihesabu baadaye. Yalikuwa 43.

"Umeandika hotuba ya mtu aliyekaa," akasema. "Mimi nitakuwa nimesimama, na nimetoka kucheza."

Halafu upepo ukachukua ukurasa wa pili. Tuliufukuza mpaka karibu na kibendera cha kona.

Asubuhi ile nilijifunza zaidi ya nilivyojifunza muhula mzima. Alinionyesha mahali ambapo spika mbili za kukodi huwekwa, mbele ya jukwaa kuu. Akaniambia niende upande wa pili wa uwanja, yeye apaze sauti kutoka pale. Mdomo wake ulifunga kwanza, neno likanifikia baadaye. Ni chini ya nusu sekunde tu, lakini na spika ni mbaya zaidi, kwa sababu sauti inagonga ukuta na kumrudia msemaji wakati ameshaanza neno linalofuata. Ndiyo maana wasemaji wengi pale huanza kupayuka, na wakipayuka hawasikiki kabisa. Dawa yake ni moja: sentensi fupi, unyamaze, uache neno lirudi, ndipo useme jingine.

Tukajadili saa ya kuongea. Kabla ya mechi watu hawajafika, Jumapili wengi wanatoka kanisani na kupitia nyumbani kula. Mapumziko watu wanakuwepo, lakini vijana wa timu wako na kocha, na yeye alitaka wao wasikie. Baada ya mechi ni sawa, ila mkifungwa, jukwaa linamwagika kabla mwamuzi hajafika katikati.

"Basi msifungwe," nikamwambia.

"Hiyo ndiyo mbinu ya kocha pia," akasema.

Tulikubaliana dakika nne, bila karatasi. Mgeni rasmi na viongozi washukuriwe na msemaji wa timu kwa kipaza sauti kabla yake, ili yeye aanze moja kwa moja. Nilidhani kazi imeisha. Tulikuwa tunatoka getini aliposema, bila kuniangalia, "Kuna mtu nataka tukamwone kwanza. Kuna neno nataka kulisema, lakini ni mali yake."

Tulikwenda Majengo, kwa fundi cherehani mmoja ninayemfahamu tangu utotoni bila kujua kwa nini baba mdogo hakuwahi kupeleka nguo kwake. Alikuwa amekaa nyuma ya cherehani ya miguu, akikanyaga pedeli kwa mguu wa kulia peke yake. Wa kushoto ulikuwa umenyooka pembeni, kama umewekwa pale na mtu mwingine.

Walisalimiana kwa heshima nyingi mno, kama watu wasiozoeana. Nikapewa kigoda. Ndipo nikaisikia habari ambayo mjini kwetu ilikuwa imesimuliwa kwa namna nyingine.

Miaka minane nyuma fundi huyu alikuwa winga wa timu yetu, na alikuwa mwepesi kuliko wote. Kwenye mechi iliyokuwa inaamua nani atauwakilisha mkoa katika Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, dakika ya 70, aligeuka ghafla na mpira bila kuguswa na mtu. Mwili ukazunguka, mguu ukabaki. Alisikia kitu ndani ya goti kikilia, kama kijiti kinachovunjwa. Akaanguka. Timu ilikuwa imeshamaliza nafasi zake za kubadilisha wachezaji. Nahodha akaja mbio, akamshika mikono yote miwili, akamvuta.

"Alisema neno moja," fundi akasema, akikata uzi kwa meno. "Inuka."

Akainuka. Alicheza dakika 20 akichechemea. Usiku goti likavimba likawa kama boga. Nyumbani wakamkanda kwa maji ya moto, wakazidi kulivimbisha. Na kwa kuwa aliumia bila kuguswa, mtaani maelezo yalikuwa tayari: timu pinzani wamemfanyia kitu. Jina la mji wetu lenyewe husemwa kwamba maana yake ni tupa uchawi, na wageni hutuogopa kwa hilo hata kabla ya kuugusa mpira. Tunacheka, lakini sisi wenyewe tulipopata goti lililovimba, tulimtafuta mchawi kabla ya daktari. Viongozi walichanga hela za mganga. Wiki mbili zikapita. Uvimbe ukapungua, kila mtu akasema amepona, akarudishwa uwanjani. Alipogeuka mara ya kwanza goti likamwachia kama bawaba iliyong'oka, na safari hii lilichana na vingine vya ndani. Baadaye sana daktari alimwambia kwamba kano ya katikati ya goti ilikatika siku ile ya kwanza, na dalili zote zilikuwepo: mlio, kuvimba ndani ya saa chache, na goti kukosa uimara wakati wa kugeuka. Angepumzishwa siku ile asingeliharibu lililobaki. Upasuaji ulihitaji safari na fedha ambazo hakuna aliyekuwa nazo, na klabu ilikuwa imeshamsahau.

"Nataka kukuomba radhi Jumapili," baba mdogo akasema. "Mbele ya watu wote. Waliniona nikikuvuta, basi wanione."

Fundi alinyamaza muda mrefu. Alimalizia pindo la suruali, akalikunjua, akalitazama.

"Kaka, usinifanye niwe hotuba yako," akasema. "Ukinitaja, watu wote watageuka kunitazama mguu. Wewe utakwenda nyumbani mwepesi, mimi nitabaki nikiulizwa mwaka mzima. Kama ni radhi, niombe hapa."

Akamwomba palepale. Sitaandika alivyoomba. Nilitoka nje nikasimama barabarani, nikajifanya naangalia simu.

Aliponiita ndani, fundi alikuwa akisema kitu kingine. "Wale vijana waambie. Mimi usinitaje, lakini wao waambie. Kuna yule mdogo mnayempa kitambaa, nimemwona. Ana mdomo kama wako."

Usiku ule tuliiandika hotuba upya, au tuseme tuliifuta upya. Nilijifunza kwamba hotuba ya kuaga ina mtego wake. Msemaji anapendwa na kila mtu kwa dakika zile chache, hakuna atakayemkatiza, na ni rahisi akaitumia nafasi hiyo kujisafisha. Radhi ya hadharani ingepigiwa makofi. Baba mdogo angetoka akiwa mkubwa zaidi ya alivyoingia. Aliyeumizwa angekuwa amelipa mara ya pili. Kwa hiyo tukatenganisha: deni lilipwe kwa mwenye deni, Majengo, bila spika. Uwanjani libaki somo tu, na lisemwe kwa wale ambao bado wana magoti.

Jumapili upepo ulikuwepo lakini si mkali. Jukwaa kuu lilijaa, na upande wa pili watu walisimama kwenye kamba. Si umati wa Oktoba 2020, Tanzania Prisons walipokuwa wakiutumia uwanja huu kama nyumbani na kumfunga Simba 1-0 kwa bao la Samson Mbangula, siku ambayo kila mtu wa Sumbawanga atakwambia alikuwepo. Lakini kwa mechi ya ligi ya mkoa walikuwa wengi. Tulisawazishiwa dakika ya 77, ikawa 1-1. Baba mdogo alitolewa dakika ya 84. Alivua kitambaa, akamfunga mkononi yule kijana, beki wa kushoto mwenye miaka 19. Kitambaa kilikuwa kipana, kikamshuka mpaka kwenye kiwiko. Watu wakacheka, na kijana mwenyewe akacheka huku akifuta macho.

Kule kutolewa kulikuwa pia sehemu ya mpango. Zilimpa dakika sita, na zile za nyongeza, za kupumua.

Filimbi ya mwisho ilipolia, msemaji wa timu aliwashukuru wote wenye vyeo. Kisha baba mdogo akachukua kipaza sauti. Hakusimama akielekea jukwaa kuu. Aliwaita wachezaji wenzake wakae chini kwenye majani mbele yake, akasimama upande upande, jukwaa likiwa bega la kulia na vijana wakiwa mbele. Nilikuwa nimewasha kinasa sauti cha simu. Haya ndiyo aliyosema, pamoja na kimya kati ya sentensi na sentensi, ambacho siwezi kukiandika.

"Wana Sumbawanga, asanteni.

"Nimecheza hapa misimu 17. Mmenizomea misimu mitatu ya kwanza. Mlikuwa sahihi.

"Mmenilipia nauli. Mmenipikia. Mama mmoja wa sokoni alinipa maharage kila tulipocheza nyumbani, hata tukifungwa. Mama, nimekuona, upo pale. Asante.

"Sikuwahi kuwapa kombe. Nilitaka sana. Sikuweza.

"Sasa mniruhusu niongee na wadogo zangu. Nyinyi mtasikiliza tu.

"Wadogo zangu. Nahodha ana neno moja analolipenda. Inuka. Mimi nimelisema miaka 11. Nilidhani ni neno la ushujaa.

"Mtu akianguka, usimvute mkono. Piga goti. Muulize: umesikia mlio? Goti linakuuma wapi? Unaweza kulikanyagia? Halafu inua mkono wako wewe, mwamuzi akuone. Hiyo ndiyo kazi ya kitambaa.

"Kama nafasi za kubadilisha zimekwisha, chezeni kumi. Nimewahi kushinda tukiwa kumi. Nimewahi kufungwa tukiwa kumi na moja.

"Na goti likivimba usiku uleule, usiende kwa mganga. Usisubiri wiki mbili. Nenda hospitali kesho yake asubuhi. Kama huna nauli, njoo kwangu Chanji.

"Hapa kwetu mtu akiumia bila kuguswa, tunamtafuta mchawi. Nimekaa nikafikiri sana. Mchawi alikuwa mimi. Mimi niliyesema inuka, na akainuka kwa sababu aliniamini.

"Huyo mtu nimeshaongea naye. Msimtafute. Ila nyinyi msinirithi kwa hilo.

"Wewe mwenye kitambaa. Kimekuwa kikubwa. Kitakutosha.

"Nimemaliza. Nakwenda jukwaani. Nikizomea, mjue nina haki."

Ilikuwa dakika tatu na sekunde 50. Makofi hayakuja mara moja. Kulikuwa na kimya ambacho mwanzo nilikiogopa, nikadhani spika zimekatika. Wazee wawili karibu yangu walitazamana. Mmoja alisema jina la fundi kwa sauti ya chini, na mwenzake akamgusa mkono anyamaze. Bila shaka walikuwepo wengine waliojua. Uwanja wenye watu wa rika moja una kumbukumbu ndefu. Lakini hakuna aliyegeuka kutafuta mtu, kwa sababu walikuwa wameombwa wasimtafute. Ndipo makofi yakaanza, kutoka ule upande wa pili, ambako neno la mwisho lilichelewa kufika.

Si kila mtu alifurahi. Kiongozi mmoja wa klabu alimwambia baadaye kwamba ameiaibisha timu siku ya sherehe, kwamba angeweza kuishia kwenye shukrani. Baba mdogo alimjibu kwa upole kwamba shukrani alizitoa, zikaisha. Mimi mwenyewe nilibaki na swali. Yale maneno "mchawi alikuwa mimi" hatukuyapanga. Nilihofia yamevuka mpaka aliouweka fundi, kwamba hata bila jina ametajwa.

Ndiyo maana Jumatatu, kabla ya kwenda stendi, nilipitia Majengo. Fundi alikuwa akipunguza kitambaa cha bluu chenye herufi moja kubwa nyeupe. Yule kijana alikuwa amekileta asubuhi kikazwe. Alikuwa amekuja kwa fundi aliye karibu na kwao tu, bila kujua kitu.

Nilimuuliza kama alikuwepo uwanjani.

"Nilisimama nje ya geti," akasema. "Spika zinasikika mpaka barabarani."

"Alikosea?"

Alikanyaga pedeli, sindano ikaenda, ikasimama. Alifikiri kama fundi anayepima kitambaa kabla ya kukata.

"Amesahau barafu," akasema. "Mwambie. Siku ya kwanza goti likivimba ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, siyo maji ya moto. Hilo ndilo wengi hawalijui. Nilikuwa nasubiri aliseme, akamaliza."

Nilimwambia baba mdogo kwa simu nikiwa ndani ya basi, tukiwa tunaiacha Laela. Alinyamaza, halafu nikasikia akicheka, kicheko cha mtu aliyeshtukiwa kosa dogo akashukuru kwamba ndilo lililobaki.

"Alhamisi wana mazoezi," akasema. "Nitakwenda niwaambie."